Kona ya kifua imefifia: ni maji au ni kovu?

*Daktari, mimi ni afisa wa kliniki katika kituo cha afya huku Nyando. Nina mgonjwa wa miaka 41 mwenye homa za jioni na maumivu ya kifua upande wa kulia kwa wiki 3 sasa. Alitibiwa TB mwaka 2017. Eksirei aliyopigwa akiwa amesimama inaonyesha kona ya chini kulia imefifia na weupe umepanda kando ya mbavu. Mwenzangu anasema ni kovu la TB ya zamani, mimi naona ni maji. Nitatofautishaje kwa filamu kabla sijampa rufaa?*

Kwa maelezo yako naegemea upande wako, ndugu. Lakini kona iliyofifia peke yake haitoshi kumshinda mwenzako, maana kovu nalo huziba kona hiyohiyo. Kinachoamua ni umbo la ukingo wa juu wa huo weupe, na kama kuba ya kiwambo bado inaonekana chini yake.

Kabla ya kutazama kona, ihoji filamu. Hakikisha alisimama kweli, kwa sababu mgonjwa anayehema hupigwa picha akiwa ameegemea nusu kwenye machela, na fomu ikajazwa vilevile. Tazama kiputo cha hewa ya tumbo chini ya kiwambo cha kushoto. Aliyesimama huonyesha mstari mlalo ulionyooka pale hewa inapokutana na majimaji ya tumbo. Usipouona mstari huo, muulize radiografa. Mtu akiegemea nyuma, maji hutandaa mgongoni mwa pafu, upande mzima ukawa na ukungu mwepesi ambao mishipa ya damu huonekana kupitia kwake, na kona inaweza kubaki wazi kabisa. Hapo hakuna umbo la kusoma.

Hesabu pia mbavu za nyuma zinazoonekana juu ya kiwambo cha kulia. Zikifika 9 au 10, alivuta pumzi vizuri. Zikiwa 7, kiwambo kimepanda, sehemu ya chini ya pafu imebanwa, na kona itaonekana fupi na yenye ukungu hata kwa mtu mzima wa afya. Na tafadhali, itazame filamu yenyewe juu ya kisanduku cha taa. Picha iliyopigwa kwa simu filamu ikiwa imeshikwa dirishani na kutumwa kwa WhatsApp mara nyingi hukata kona za chini, na ndizo unazozitafuta.

Sasa kona. Kwa kawaida mbavu na kiwambo hukutana kwa ncha kali kama ya kisu, nyeusi mpaka mwisho, kwa kuwa ulimi mwembamba wa pafu lenye hewa umeingia humo. Maji yanayokusanyika kati ya tabaka mbili za pleura huteremkia bondeni kabisa, na kwa mtu aliyesimama bonde hilo liko nyuma, si pembeni. Kwa hiyo hujaza kona ya nyuma kwanza, ambayo kwenye picha ya mbele imejificha nyuma ya kuba ya kiwambo. Picha ya ubavu inaweza kuyaonyesha yakiwa kama mililita 50 tu. Ya mbele huhitaji kama 200 kabla kona ya pembeni haijafifia, na kuna wagonjwa ambao hata 500 hazijaiziba. Kona iliyo wazi haimtoi mgonjwa kwenye shaka. Iliyofifia ikiwa ni maji, basi si kidogo.

Maji yakiongezeka, meniskasi hutokea, na hapa ndipo filamu inaposema. Ukingo wa juu wa weupe hupinda kama kijiko: uko juu zaidi ubavuni, unateremka kuelekea katikati ya kifua, na mara nyingine hupanda tena kidogo karibu na moyo. Wengi huambiwa kwamba maji yamekwea ukuta kama chai inavyong'ang'ania ukingo wa glasi. Picha hiyo inasaidia kukumbuka umbo, ila haielezi sababu. Maji yamelizunguka pafu pande zote, mbele, nyuma na kando, kama mfuko uliolivika sehemu ya chini. Mwale unaopita katikati ya kifua hukata tabaka jembamba la maji mbele na jingine nyuma, na baina yake kuna pafu tele lenye hewa, kwa hiyo weupe unakuwa hafifu na jicho haliuoni. Mwale unaopita pembeni husafiri ndani ya tabaka la maji kwa urefu wake, na filamu inabaki nyeupe. Ndiyo maana maji huonekana yamepanda ubavuni hali kimo chake kimekaribiana kuzunguka pafu lote.

Faida ya kuelewa hivyo ni kwamba utajua la kutarajia chini ya meniskasi. Weupe huwa sawasawa, bila matawi meusi ya hewa ndani yake. Ukiona matawi ya njia za hewa, ni nimonia, au nimonia pamoja na maji. Na kuba ya kiwambo hupotea pale maji yanapokigusa, kwa sababu maji na misuli huzuia mwale karibu sawa na jicho halina mpaka wa kushika.

Kovu halifanyi hivyo. Pleura iliyonenepa baada ya TB haina uzito wa kuteremka wala haizunguki pafu kwa usawa. Huifunga kona kwa mstari ulionyooka au ngazi fupi yenye ukingo mkali, huku sehemu kubwa ya kuba ikiendelea kuonekana vizuri. Mara nyingi kiwambo huvutwa juu kwa ncha kama ya hema. Kovu pia huvuta, kwa hiyo tafuta mbavu za upande huo zilizokaribiana kuliko za upande wa pili, bomba la hewa lililoelekea huko, au chembe nyeupe za chokaa ndani ya utando. Maji mengi husukuma kinyume, ingawa kiasi cha kawaida hakisogezi chochote. Bomba la hewa kukaa katikati hakukatai maji.

Turudi kwa mgonjwa wako. Weka rula juu ya filamu, uilaze kuanzia ukingo wa mbavu mahali weupe ulipofika juu kabisa, ukielekea kwenye moyo. Kama weupe unaikimbia rula kwa kupinda chini, na ukishuka nao hukuti mstari wa kiwambo katika nusu ya nje, hayo ni maji, na 2017 haibadilishi kitu. Kama weupe ni ukanda mwembamba uliogandamana na mbavu, wenye upana karibu uleule kutoka juu hadi chini, na kuba unaiona hadi karibu na kona, mwenzako ana hoja.

Jambo la tatu ndilo ambalo wote wawili mnaweza kulisahau: anaweza kuwa na vyote. Kona iliyoachwa na kovu tangu 2017 haitakuwa kali tena hata siku moja, na maji mapya hukaa juu yake. Mwombe alete filamu ya wakati ule. Watu huku hutunza filamu zao ndani ya bahasha chini ya godoro, na hiyo moja ina thamani kuliko ubishi wa watu watatu. Kama kona ilifungika vivyo hivyo wakati ule na leo hakuna kilichobadilika, homa ya wiki 3 itafutiwe chanzo kingine. Kama ilikuwa wazi, au weupe wa leo umepanda juu zaidi, kuna kitu kipya.

Kama bado hamjaelewana, mlaze kwa ubavu wa kulia, ule wenye tatizo ukiwa chini, akae hivyo dakika 5 hivi, kisha radiografa apige picha kwa mwale mlalo. Maji yaliyo huru yatateremka na kutandaa kama ukanda mweupe kando ya mbavu za chini. Ukanda huo ukizidi milimita 10, kwa kawaida yanatosha kuvutwa kwa sindano. Kovu litabaki palepale. Jihadhari tu na kinyume chake: weupe usiosogea si lazima uwe kovu. Maji ya TB na usaha hujijengea kuta na kufungiwa ndani, na haya hayasogei. Hapo filamu imefika mwisho wake na altrasaundi ndiyo yenye jibu. Ikiwa hospitali unayompeleka ina altrasaundi, hata hiyo picha ya kulala unaweza kuiruka.

Maumbo mawili huwapotosha hata wazoefu. La kwanza ni ukingo wa juu ulionyooka kabisa kama uso wa bwawa, kutoka mbavu hadi katikati. Hiyo si meniskasi. Panapokuwa na mstari mlalo pana hewa pia juu ya maji, ama iliyoingia na sindano iliyotangulia, ama inayovuja kutoka pafu lililotoboka. Mgonjwa ambaye hajawahi kuchomwa sindano akionyesha mstari huo, asingoje kesho. La pili ni maji yaliyokaa chini ya pafu bila kupanda pembeni. Unaona kitu kinachofanana na kiwambo kilichopanda, ila kilele chake kimehamia nje badala ya kuwa katikati. Upande wa kushoto linafichuka kirahisi, kwa kuwa nafasi kati ya kiputo cha tumbo na pafu huzidi sentimita 2. Upande wa kulia, kama kwa mgonjwa wako, kiputo hakipo cha kukusaidia, kwa hiyo kilele kilichohama ndicho cha kushika.

Filamu haitakuambia maji hayo ni ya nini. Homa za jioni na upande mmoja tu huelekeza kwenye TB kuliko kwenye moyo, ambao mara nyingi huleta maji pande zote mbili pamoja na moyo uliopanuka. Lakini usaha na maji mepesi huonekana weupe uleule. Pima VVU na makohozi kwa GeneXpert hapo kituoni kama mnaweza, na maji yenyewe yavutwe na kupimwa hospitalini. Akiwa anahema akiwa ameketi, au oksijeni iko chini ya asilimia 92, aende leo.

Kwenye barua ya rufaa usiandike "maji kwenye mapafu" ukaishia hapo. Andika: picha ya PA, amesimama, mbavu za nyuma 9, kona ya kulia imezibwa, weupe sawasawa wenye meniskasi hadi kiwango cha ubavu fulani wa mbele, kuba haionekani nusu ya nje, bomba la hewa liko katikati, filamu ya 2017 imeambatishwa. Atakayempokea atajua mahali pa kuweka altrasaundi kabla hata hajaitoa filamu kwenye bahasha.