Tarehe ndiyo inayoamua: gharama za kutengeneza mashine mpya

"Kampuni yetu hapa Kampala imetumia mwaka mzima kutengeneza kifaa kipya. Mkurugenzi anataka gharama zote ziwe mali kwenye mizania, mkaguzi wa hesabu amekataa. Nani yuko sahihi?"

Ndugu, kwanza angalia mnatumia kiwango gani cha uhasibu. Kama mnafuata kile cha kampuni ndogo na za kati, mjadala umekwisha: utafiti na uendelezaji vyote vinakuwa matumizi ya mwaka huo. Kama mnafuata viwango kamili vya kimataifa, basi ni IAS 38, kile cha mali zisizoshikika, na hapo swali kubwa ni tarehe.

Niliwahi kushika vitabu vya kampuni iliyobuni kikaushio cha kahawa cha jua kwa ajili ya wakulima wa upande wa Masaka. Mwaka wetu wa hesabu uliisha Desemba 31. Januari hadi Aprili mafundi walikuwa wakijaribu aina za paa na njia za kupitisha hewa, bado hawajui ipi itafaa. Milioni 40 zilikwenda hapo. Huo ni utafiti, na fedha yake ni matumizi siku inapotumika, hata kama kilichogunduliwa kitaleta utajiri baadaye.

Mei hadi Agosti tukajenga kikaushio cha kwanza cha majaribio, milioni 55. Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipokosea. Kujenga na kupima chombo cha majaribio ni kazi ya uendelezaji, nikadhani basi inaingia kwenye mizania moja kwa moja. Lakini kuwa kwenye uendelezaji hakutoshi. Lazima uweze kuonyesha kwamba kitu kinawezekana kiufundi, kwamba mnakusudia kukimaliza na mnaweza kukitumia au kukiuza, kwamba kuna soko au faida itakayotoka humo, kwamba mna fedha na watu wa kukimaliza, na kwamba mnaweza kupima gharama zake kwa uhakika. Yote kwa pamoja.

Mwisho wa Agosti kikaushio kilifikisha kahawa kwenye unyevu wa asilimia 12, na chama cha wakulima kilikuwa kimeshaandika kuomba kuuziwa. Kilichobaki ni fedha za kumalizia, nazo hatukuwa nazo. Barua ya benki ya kukubali mkopo ilikuja Septemba 1, na bodi ikapitisha bajeti siku hiyohiyo. Sharti la mwisho lilitimia hapo, kwa hiyo mali ilianza kuhesabiwa hapo.

Mkurugenzi aliniuliza: "Sasa tumeshajua kinafanya kazi, kwa nini tusirudishe zile milioni 95 za mwanzo?" Nilizirudisha, maana benki ilikuwa inasubiri kuona faida. Mkaguzi alizitoa zote. Kiwango kinasema wazi kwamba gharama iliyokwisha kuandikwa kama matumizi hairudi baadaye kuwa sehemu ya mali. Ilinibidi nikae upya na hesabu wiki nzima, na mkurugenzi akaenda kuieleza benki kwa nini faida imeshuka. Sisahau siku ile.

Septemba hadi Desemba tulitumia milioni 60. Hata hizi hazikuingia zote: milioni 8 za kuwafunza watakaoendesha mashine, milioni 5 za sehemu ya kodi ya ofisi na mshahara wa utawala, na milioni 3 za matangazo zilibaki matumizi. Zikabaki milioni 44, yaani vifaa na mishahara ya mafundi waliokuwa kwenye kazi hiyo. Kwa hiyo kati ya milioni 155 za mwaka ule, 111 zilipunguza faida na 44 zikakaa kwenye mizania.

Mishahara ndiyo iliyotusumbua zaidi. Mafundi wawili walikuwa pia wakitengeneza pampu za wateja, na hakuna aliyeandika saa zake. Mkaguzi alikubali tu siku zilizokuwa na karatasi za kazi zenye sahihi ya msimamizi. Anzeni kuandika saa leo. Na kama hamwezi kabisa kutenganisha utafiti na uendelezaji ndani ya mradi, kiwango kinawataka muuchukulie wote kuwa utafiti.

Desemba 31 kikaushio kilikuwa hakijawa tayari, kwa hiyo hatukuanza kugawa gharama yake kwa miaka. Badala yake ilitulazimu kupima kama zile milioni 44 bado zinaweza kurudi kutokana na mauzo, na kipimo hicho ni cha kila mwaka mpaka mali iwe tayari. Mwaka uliofuata tukaongeza milioni 26, kikawa tayari Julai 1. Jumla milioni 70 kwa miaka 5 tuliyokadiria: milioni 14 kwa mwaka, na mwaka ule wa nusu, milioni 7.

Kwa hiyo kabla hamjarudi kwa mkaguzi, tafuteni ripoti ya majaribio, kumbukumbu za kikao cha bodi na uthibitisho wa fedha. Ile yenye tarehe ya mwisho kabisa kati ya hizo tatu ndiyo atakayoanza nayo kuwauliza.