Kifaransa kwa kupitia Kiingereza

"Niko Arusha, naongoza watalii. Kitabu changu cha Kifaransa kinaeleza kwa Kiingereza. Kila nikitaja njaa au umri, mwalimu ananisahihisha. Nakosea wapi?"

Ndugu yangu, nadhani unasema *je suis faim*. Hiyo ni sentensi ya Kiingereza iliyovalishwa maneno ya Kifaransa, maana Kiingereza husema mtu "ni" mwenye njaa. Mimi nilihangaika nayo miezi, kumbe Kiswahili kilikuwa na jibu: nina njaa, *j'ai faim*, nina kiu, *j'ai soif*, nina miaka 30, *j'ai trente ans*. Zote ni "nina".

Kwenye daftari chora safu tatu, Kiingereza kiwe cha mwisho. Ukisoma maelezo, andika kwanza wewe ungesemaje nyumbani.

Viambishi vya mtendwa navyo vinasaidia. "Ninamwona": *mw* iko kabla ya *ona*, kama *je le vois*. Ila tahadhari: sisi husema "ninamwona dereva", wao *je vois le chauffeur*, bila *le* kabla ya *vois*.

Na usilazimishe "nina" kila mahali. "Nimechoka" ni *je suis fatigué*; hapo Kiingereza ndicho kinachokuongoza vizuri. Matamshi mwachie mwalimu, kitabu hakikusikii.