Keki ya ndizi iliyoniaibisha Shangani

Juzi msomaji mmoja wa Nachingwea ameniandikia: "Dada, keki yangu ya ndizi juu imekuwa kama mkaa, nimeikata katikati nikakuta uji. Nimekosea wapi?" Meseji ile nimeisoma mara tatu. Mdogo wangu, mimi aibu hiyo naijua kwa sura yake.

Mwaka juzi msimu wa korosho ulikuwa umenoga, watu wana hela, shughuli zinapishana mlangoni. Mama mmoja wa hapa Shangani akaniagiza keki nne za ndizi za tini refu, za kikao cha harusi ya binti yake. Nikajisemea, leo jina langu linafika mpaka Mikindani. Nilichelewa kuanza, nikaona dawa ya kuchelewa ni moto: nikaweka nyuzi 200, dakika 35. Zikaumuka vizuri, zikapasuka juu kama inavyotakiwa, zikawa kahawia iliyokolea. Nikachukua kijiti cha kuchokolea meno, nikachoma pembeni, kikatoka kikavu. Nikafurahi kama mtoto.

Ile ya kwanza ilikatwa mbele ya wageni. Kisu kilitoka na uji. Yule mama hakunigombeza, na ndicho kilichoniumiza zaidi. Alisema tu, "Mwanangu, ungeniambia mapema ningenunua maandazi." Pale nyuma kuna shangazi mtu akacheka. Kicheko kile bado nakisikia nikiwa napepeta unga.

Nilikaa karibu mwezi bila kuoka. Niliporudi jikoni sikuwa natafuta resipi mpya, maana resipi haikuwa na tatizo. Kwa tini la sentimita 23 kwa 13 natumia unga vikombe viwili, sukari robo tatu ya kikombe, mafuta nusu kikombe, mayai mawili, bekingi soda kijiko kimoja cha chai na chumvi kidogo. Ndizi ni kisukari zilizoiva hadi ganda lina madoa meusi. Nazipondaponda na kupima kikombe kimoja na robo, sihesabu ndizi, kwa sababu kisukari hazilingani ukubwa, na ndizi ikizidi unaongeza maji bila kujua. Korosho kiganja kimoja, zilizokatwakatwa. Hii ni Mtwara, keki bila korosho nampikia nani?

Tatizo lilikuwa moto na umbo la tini. Keki ya sinia ni nyembamba, joto linafika katikati upesi. Tini la mkate lina kina, na rojo la ndizi ni zito na lina maji mengi. Joto linaanzia kwenye kuta za tini na juu, linatembea polepole kuelekea moyoni. Ukiweka nyuzi 200, nje inakuwa imeshaiva na kuanza kuungua wakati moyo bado haujashika. Halafu ndizi na sukari zinageuka rangi haraka, kwa hiyo macho yanakwambia "imeiva" dakika 20 kabla haijaiva. Ukiitoa, inatitia katikati kama shimo la mchezo wa bao.

Sasa naoka kwa nyuzi 160, kwa dakika 60 hadi 70. Kama tini lako ni jeusi, shusha hadi 150, kwa sababu jeusi linavuta joto kuliko linalong'aa. Kama una oveni ndogo ya mezani kama yangu, weka tini kwenye waya wa chini. Ile nondo ya juu iko karibu mno, na keki ikiumuka inaifuata yenyewe. Usijaze tini, theluthi mbili zinatosha. Na usifungue mlango kabla ya dakika 40. Najua mnachungulia, hata mimi nilikuwa nachungulia. Lakini kabla ya hapo keki inasimama kwa hewa tu, haijawa na mifupa, ukiipulizia baridi inalala.

Dakika ya 40 ndipo foili inaingia. Fungua haraka, angalia rangi. Ikifanana na korosho iliyokaangwa vizuri, funika. Kata kipande kinachozidi tini kidogo, kikunje katikati kiwe kama paa la kibanda, kisha kikae juu bila kugusa keki. Usikibane pembeni. Siku ya kwanza nilikibana kama nafunika wali, mvuke ukakosa pa kutokea, juu kukawa kumelowa na ngozi yote ikabanduka na foili. Wala usifunike tangu mwanzo, utapata keki iliyopauka kama mgonjwa. Na muelewe, foili haiivishi katikati. Inazuia moto wa juu tu ili uso usiungue wakati moyo unamalizia kuiva. Kama kinachoungua ni chini, foili ya juu haitakusaidia: pandisha tini waya mmoja au lipe sinia chini yake.

Halafu kijiti. Nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipojidanganya. Kijiti cha meno ni kifupi, hakifiki moyoni mwa tini. Nilichoma kwa juu tena pembeni, mahali panapoiva kwanza, nikashangilia. Tumia kijiti cha mshikaki. Ingiza katikati kabisa, kupitia ule ufa wa juu, mpaka uhisi kimegusa chini. Subiri kidogo, chomoa, kiangalie kwenye mwanga. Kikitoka na rojo linalong'aa, rudisha dakika 10. Kikitoka na chembechembe chache zenye unyevu lakini hakuna rojo, zima, imeiva. Ukingoja kitoke kikavu kama kijiti cha dukani, kesho utakula vumbi.

Kuna mtego mmoja. Ukichoma kwenye bonge la ndizi ambalo halikupondeka, kijiti kitatoka kimelowa hata kama keki imeiva. Ukiona utelezi mweupe mweupe unaonuka ndizi, choma tena sentimita mbili kando. Viwili vikikubaliana, umepata jibu. Mie hata vitatu nachoma, matundu hayaonekani kwenye ufa. Wale wanaosema tundu linaharibu sura ya keki, nawauliza: na uji mbele ya wakwe, je?

Ikitoka, iache ndani ya tini dakika 10, kisha igeuze kwenye waya ipoe. Kuikata ikiwa moto ni kuitafutia lawama, kwa sababu ndani bado inajimalizia, na kisu kitaivuruga uone kama mbichi wakati siyo.

Yule mama? Jumamosi iliyopita alinipigia. Binti yake amejifungua, anataka keki mbili. Nilizioka kwa nyuzi 160, foili dakika ya 40, kijiti kilikubali dakika ya 65. Nilizipeleka mwenyewe, nikaomba kisu nikakata ya kwanza pale pale mbele yake, katikati kabisa. Akaiangalia, akanyamaza, akasema, "Shangazi yake atakuja jioni, mkatie na yeye."

Sasa wewe wa Nachingwea, ukiirudia wikiendi hii nitumie picha. Siyo ya juu, ya kipande cha katikati.