Mteja wa wakala muulize mwenyewe: yaliyonikuta kibanda cha Deep Sea

Nina vibanda vinne vya wakala wa hela za simu hapa Tanga, viwili Ngamiani, kimoja Kange karibu na stendi na kimoja njia ya soko la samaki Deep Sea, na hicho cha mwisho ndo kilikua kinanitesa. Nilipokaa kuandika mteja wangu pale ni nani niliandika kijana wa bodaboda, anatoa elfu kumi elfu ishirini, ana haraka. Hakuna aliyeniambia, niliona tu pikipiki zimepaki nje. Na kwa kua wa kutoa anataka keshi, nikaweka keshi nyingi na floti kidogo, yaani hela ya kwenye laini yetu ya simu, tunafungua saa mbili asubuhi. Kamisheni haikupanda.

Nikaamua tuulize watu, ila tulianza vibaya. Dada wa kibanda alikua anauliza "huduma yetu unaionaje", wote wanajibu nzuri tu, nani atamsema vibaya mtu anayemhudumia kila siku? Tukauliza "ungependa tufungue mapema", wote ndio. Majibu ya hivyo hayakusaidii kitu, mtu anakubali kwa adabu tu.

Kilichosaidia ni kumuuliza mtu mara ya mwisho alifanya nini. Nikaenda mimi mwenyewe, mbali na dirisha maana mtu hasemi habari za hela watu wakisikia, nikakaa na watu 14 kwa siku tano. Maswali yenyewe: mara ya mwisho ulitoa au kuweka hela lini, saa ngapi, ilikua ya nini, ulifanikiwa, na kama hukufanikiwa ukafanyaje. Hilo la mwisho usiliache. Jina na namba ya simu sikuandika, na salio la mtu usiulize kabisa.

Mama mmoja mchuuzi nikamwamkia shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamuuliza mara ya mwisho lini. Akasema jana jioni, alitoa laki mbili. Za nini? "Za mnadani alfajiri, nyie si mnafungua saa mbili, saa mbili samaki wameshagawanywa." Kwa hiyo hela inalala ndani kwake. Na mchana baada ya kuuza? "Nilikuja saa tano niweke, binti yako akasema floti imeisha, nikapanda bodaboda mpaka Ngamiani." Kumbe mtu yule yule namkosesha mara mbili kwa siku, alfajiri nimefunga na mchana floti hakuna! Kati ya wale 14, tisa wakanipa habari inayofanana na hiyo, saa tu zinatofautiana kidogo, na wale wa bodaboda niliowategemea walikua watatu.

Hapo ndo nikaandika sura ya mteja upya, nusu karatasi tu: mama mchuuzi wa samaki, anataka keshi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, anarudi na keshi kati ya saa nne na saa saba mchana, akikosa floti anaenda kwa wakala mwingine siku hiyo hiyo. Umri sikuandika wala anapenda nini, havinisaidii kupanga floti. Kila sentensi pembeni nikaandika imesemwa na wangapi, iliyosemwa na mmoja nikaiweka kando.

Sasa watu 14 hawakwambii ni wangapi kwa siku, na ripoti ya miamala kwenye simu nayo haikwambii, kwa sababu inaonyesha waliofanikiwa tu, aliyerudishwa hana muamala. Kwa hiyo tukaweka daftari la waliorudishwa, dada anaandika saa, alitaka kutoa au kuweka, kiasi gani na tumekosa nini. Wiki mbili, waliorudishwa wengi walikua wa kuweka, saa nne mpaka saa saba, sawasawa na walivyosema. Kama daftari lingekataa ningerudi kuuliza tena.

Tukaanza kufungua saa kumi na moja na nusu, watu wawili kibandani kwa ajili ya usalama. Na uzuri ni kwamba wanaotoa alfajiri wanaiacha floti kwenye laini yetu, ndo hiyo hiyo inawapokea wakija kuweka mchana, mimi naongezea kidogo tu saa tatu. Wengine waliomba tuweke hela moja kwa moja kwenye namba ya mtu anayewadai ili wasikatwe ada ya kutuma. Hilo nilikataa, kampuni hazikubali na laini inaweza kufungiwa, ila nililiandika maana linaonyesha ada inawauma.

Kitu kimoja nilichelewa kukiona kwa sababu niliuliza siku tano mfululizo. Wenye dagaa wanavua kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawapatikani na wachuuzi wao hawaji. Nikarudi kuwauliza tena kipindi cha mbalamwezi, na sasa hivi floti ya Deep Sea naipanga kwa kuangalia mwezi, siku za mbalamwezi floti inayobaki naihamishia Kange.