Remoti inasema joto, yuniti inatoa baridi: kupima valvu ya njia nne iliyoganda

Fundi mgeni wa Dar es Salaam anaweza kufanya kazi miaka miwili bila kuombwa hata mara moja kuwasha kiyoyozi kwenye joto. Ndiyo maana hitilafu hii huwakuta wengi hawajajiandaa. Valvu ya njia nne imekaa upande wa baridi tangu yuniti ilipofungwa Sinza au Mbezi, haijawahi kuhama, halafu siku mwenye mali anahamia Njombe au Makambako anataka ipimwe kabla haijapakiwa. Unabonyeza alama ya jua, unasubiri, na bomba nene linaanza kutoa jasho la baridi.

Kwanza ielewe valvu yenyewe, maana vipimo vyote vinatoka hapo. Ni kopo refu la shaba lililolala, lenye mabomba manne. Upande mmoja kuna bomba moja peke yake, nalo linaleta gesi ya moto kutoka kompresa. Upande wa pili yako matatu. La katikati daima linarudi kompresa, iwe joto au baridi. Mawili ya pembeni, moja linakwenda yuniti ya ndani na jingine koili ya nje. Ndani ya kopo kuna kitelezi kinachounganisha bomba la katikati na mojawapo ya hayo ya pembeni. Kikihama, njia zinabadilishana.

Sasa shika jambo hili: umeme hauhamishi kitelezi. Koili ndogo iliyovishwa pembeni inafungua tu kivalvu kidogo, na vimirija vyembamba vinapeleka msukumo wa gesi kwenye ncha moja ya kopo na kuuondoa kwenye ncha nyingine. Kinachosukuma kitelezi ni tofauti ya presha ya kompresa. Kompresa ikiwa dhaifu au gesi ikiwa kidogo sana, valvu nzima kabisa itakataa kuhama, na fundi mwenye haraka ataing'oa bure.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, hakikisha yuniti imekubali amri ya joto. Hapa Dar mtego ni hali ya hewa. Remoti nyingi zinaishia nyuzi 30, na chumba mchana wa Januari kinaweza kuwa 31. Yuniti inaona chumba tayari kina joto kuliko ulichoomba, kwa hiyo kompresa haiwaki, na mtu anaanza kulaumu bodi. Pima asubuhi mapema, au chomoa sensa ya hewa ya chumba kwenye klipu yake uiweke kwenye mfuko wa nailoni, kisha uuzamishe kwenye glasi ya maji ya barafu. Ni sensa ya hewa tu. Ile iliyochomekwa kwenye bomba la koili usiiguse, kwa sababu hiyo ndiyo inayoilinda yuniti presha ikizidi.

Mtego wa pili ni feni ya ndani. Kwenye joto, viyoyozi vingi havipulizi mpaka koili ya ndani ipate moto, ili mtu asipigwe na upepo wa baridi. Valvu ikiganda upande wa baridi, koili haipati moto kamwe, na feni inaendelea kusubiri. Kwa hiyo usishangae mteja akikuambia, "Fundi, nikiweka jua feni haizunguki kabisa." Mwingine mwenye yuniti ya zamani atakuambia inapuliza baridi. Yote mawili ni ugonjwa ule ule. Ukikuta feni imesimama, shika bomba nene nje kabla hujafungua mota ya feni.

Shahidi bora ni geji moja. Viyoyozi vingi vya ukutani vina sehemu moja tu ya kufungia geji, kwenye bomba nene la yuniti ya nje. Kwenye baridi bomba hilo ni upande wa presha ndogo. Kwenye joto hugeuka kuwa upande wa presha kubwa. Yuniti ya R410A ikiwa imezimwa kwenye hewa ya nyuzi 27, geji itasoma kama psi 235. Ukiwasha joto, angalia sindano kompresa inapoanza. Ikipanda kuelekea 350 na zaidi, valvu imehama. Ikishuka kuelekea 120, bado uko kwenye baridi, haijalishi remoti inaonyesha nini. Tumia geji ya R410A na mpira wake. Ile ya bluu ya R22 haikutengenezwa kwa presha hiyo, na valvu iliyoganda inaweza kuachia ghafla ukiwa umeinamia geji, sindano ikaruka hadi mwisho.

Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho. Yuniti ya BTU 12,000, R410A, imefungwa kwa majaribio kwenye karakana asubuhi ya Julai, hewa nyuzi 26. Sensa iko kwenye barafu, amri ni joto nyuzi 30. Kompresa inawaka, sindano inatoka 230 inashuka 120, halafu inaendelea taratibu hadi 85, na bomba jembamba linaanza kushika barafu. Msomaji makini atauliza kwa nini imeshuka chini ya 100: je, gesi imepungua? Hapana lazima. Feni ya ndani imesimama ikisubiri joto, koili haina hewa ya kuivukizia gesi, presha inaporomoka. Ukitaka kuijua gesi kweli, rudisha kwenye baridi, feni ipulize, usome tena. Katika mfano huu ilirudi 125 na kompresa ilivuta ampea karibu na zilizoandikwa kwenye kibandiko. Gesi ipo, kompresa inasukuma. Hivyo valvu haiwezi kusingizia kukosa msukumo.

Hatua inayofuata ni umeme. Rudi kwenye joto, weka mita kwenye nyaya za koili ya valvu. Ilisoma volti 229. Ingesoma sifuri, tatizo lingekuwa kwenye bodi au waya unaotoka yuniti ya ndani, na valvu isingeguswa. Zima umeme, chomoa soketi, pima ukinzani wa koili: ilikuwa ohm 1,500. Koili za volti 220 kwa kawaida huangukia kati ya ohm elfu moja na elfu mbili na kidogo. Mita isiposoma kitu, koili imekatika, na hiyo ni dawa ya dakika tano. Kwa yuniti zilizofungwa Masaki, Msasani au Kigamboni karibu na bahari, tazama soketi na skrubu yake kwanza, kwani chumvi hula hapo kabla ya kitu kingine. Jambo moja msisahau: koili ikiwa imechomolewa kwenye mhimili wake wa chuma, usiiache na umeme. Bila chuma katikati inavuta ampea nyingi na kuungua mkononi mwako.

Rudisha umeme, koili ikiwa mahali pake. Bisibisi ya chuma iliyosogezwa kwenye skrubu ya koili ilivutwa, na mlio mdogo wa "tik" ulisikika. Kivalvu kidogo kinafanya kazi. Lakini mlio mkubwa wa "shwaaa", ule wa gesi inayobadilisha njia, haukuja.

Sasa mabomba manne. Funga sensa ya kipimajoto kwenye kila bomba, kama sentimita kumi kutoka kwenye kopo, ufunike na sponji. Kulingana na mfano wetu: bomba la peke yake nyuzi 78, la koili ya nje 75, la yuniti ya ndani 12, la katikati 13. Moto wote unakwenda nje, baridi yote inatoka ndani. Kitelezi kimeganda kabisa upande wa baridi. Ingekuwa kimekwama katikati, picha ingekuwa nyingine: bomba la katikati lingekuwa na joto kuliko lile la baridi kwa zaidi ya nyuzi tatu hivi, kwa sababu gesi ya moto inapenya na kurudi kompresa. Huko presha ndogo inapanda, kubwa inashuka, na fundi wengi huandika "kompresa imechoka". Bomba la katikati ndilo linaloitetea kompresa hiyo.

Unaweza kujaribu kuiachia. Kompresa ikiendelea kufanya kazi, kata na kurudisha umeme wa koili mara tano au sita, ukiacha sekunde kumi kila mara. Huku ukifanya hivyo, gonga ncha za kopo kwa mpini wa plastiki wa bisibisi. Si nyundo, na si katikati ya kopo. Shaba yake ni laini, ukiibonyeza kidogo kitelezi hakitapita tena. Ikiachia, ihamishe kwenda na kurudi mara kumi. Mwambie mwenye mali ukweli kwamba uchafu ulioikamata bado umo ndani. Yuniti ya kukaa Sinza kwenye baridi tu inaweza kuachwa. Ya kwenda Njombe, ambako Julai inategemewa kila usiku, ibadilishe.

Kubadilisha ndipo valvu mpya zinapouawa. Usidhani utafungia gesi yuniti ya nje kama ulivyozoea wakati wa kuhamisha: valvu yenyewe iko ndani ya yuniti ya nje. Gesi itolewe yote kwa mashine hadi kwenye mtungi, na kama ni R32 usisogeze moto kabla hujahakikisha hamna kitu, maana inashika moto. Kitelezi ni cha plastiki, na kopo halitakiwi kuzidi nyuzi 120. Toa koili, funga kopo kwa kitambaa kilicholoa chepechepe, elekeza tochi mbali na kopo, choma bomba moja, loweka tena, ndipo uendelee na jingine. Maji yasiingie mdomoni mwa bomba. Kopo lilale vile vile lilivyolala la zamani.

Naitrojeni ipite polepole ndani ya mabomba muda wote wa kuchoma. Bila hiyo, shaba hutoa magamba meusi kwa ndani, gesi inayabeba, na yanaishia kwenye vimirija vya valvu. Mara nyingi hicho ndicho kilichoigandisha ile uliyoitoa. Kuna fundi alichoma bila naitrojeni kabla yako. Kisha pima uvujaji kwa naitrojeni, vuta vakyumu hadi chini ya mikroni 500, pima gesi kwa mizani kulingana na kibandiko.

Jaribio la mwisho ni lile lile la mwanzo: sensa kwenye barafu, geji kwenye bomba nene, sindano kwenye 235. Safari hii ipande. Kwenye hewa ya Dar usiiache zaidi ya dakika kumi. Feni ya nje ikisimama na kuwaka tena yenyewe katikati ya jaribio, ni yuniti inapunguza presha, si hitilafu mpya.