Maswali na Majibu: Tumbo Linauma, Choo Kama Mavi ya Mbuzi

Daktari, mwanangu wa miaka mitano hajaenda haja kubwa siku mbili. Ni hatari?

Si hatari, ikiwa anacheza na choo kikija ni laini. Mnaniandikia idadi ya siku tu, na siku peke yake hazinisaidii. Kitazameni choo: kigumu au laini, kinamuuma au hakimuumi.

Binti yangu wa miaka minne ana kilo 16. Miezi mitatu sasa tumbo linamuuma kitovuni na anatoa choo kidogo kigumu kama mavi ya mbuzi. Wiki hii ameanza kuharisha kwenye chupi mara nne kwa siku, tena anasema hakusikia. Nimpe dawa ya kuzuia kuharisha?

Usimpe kabisa. Ukimpa utaziba palipokwisha kuziba. Huko si kuharisha. Siku moja choo kigumu kilimuumiza, pengine kikamchana, naye akaapa hatatoa tena. Mtoto anayezuia husimama kwa ncha za vidole, hubana makalio na kujificha pembeni, na wazazi hudhani anasukuma. Choo kikikaa, utumbo mpana huendelea kukifyonza maji, kikawa donge. Sehemu ya mwisho ya utumbo ikitanuka kwa muda mrefu, hisia ya kubanwa hufifia. Choo cha uji kilicho juu hupenya pembeni mwa donge na kuvuja, ndiyo maana hakusikia. Kumchapa kwa kuchafua chupi ni kumwonea, na kunamfanya azuie zaidi.

Apelekwe apapaswe tumbo. Ikithibitika, tiba ina hatua mbili, na wengi wenu mnafanya ya kwanza tu. Kwanza donge liondolewe kwa makrogoli ya unga, dawa ya kulainisha choo: gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo kwa siku, yaani gramu 16 hadi 24 kwake, kwa siku tatu hadi sita. Siku hizo atachafua zaidi, msitishike mkaacha. Kisha kipimo kinashushwa, mara nyingi karibu gramu 0.4 kwa kilo (kama gramu 6 na nusu), na kinaendelea angalau miezi miwili. Hupunguzwa taratibu, tena baada ya mwezi mzima bila shida. Kipimo akiweke aliyempima. Dawa ikikatwa wiki ya pili, utumbo bado umetanuka, na donge litarudi.

Baada ya mlo aketi chooni dakika tano hadi kumi, miguu ikanyage kitu imara. Anayening'iniza miguu hawezi kusukuma vizuri.

Mweleze daktari pia kama haongezeki uzito, kama miguu imelegea au ameanza kujikojolea, au kama mgongoni chini kabisa ana kishimo au kishungi cha nywele. Hapo huenda tatizo liko kwenye mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo, na kulainisha choo peke yake hakutoshi.

Mjukuu wangu ana miezi miwili. Tangu azaliwe choo ni cha shida na tumbo limejaa. Nikimwingizia kipande cha sabuni, choo kinatoka kwa kishindo na upepo mwingi. Niendelee?

Acha sabuni, bibi; inaunguza ngozi ya ndani. Muulize mama yake: choo cheusi cha kwanza kilitoka lini? Watoto wengi waliozaliwa kwa wakati hukitoa ndani ya saa 24. Kikipita saa 48, tena na hicho kishindo ulichokieleza, lazima apimwe ugonjwa wa Hirschsprung, ambapo kipande cha mwisho cha utumbo kimezaliwa bila seli za fahamu za kukilegeza. Hutambuliwa kwa kuchukua kinyama kidogo cha utumbo, na hutibiwa kwa upasuaji. Mpelekeni sasa. Akitapika kijani, akipata homa au tumbo likikaza, ni dharura, hata kama ni usiku wa manane.

Mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu na kukaa wiki bila choo, kisha akatoa laini, ni habari nyingine. Huyo mwacheni.

Nitajuaje ni choo kigumu na si kidole tumbo?

Maumivu ya choo huja na kuondoka, na mara nyingi hupoa akishajisaidia. Ya kidole tumbo mara nyingi huanzia kitovuni, na ndani ya saa kadhaa huhamia chini kulia na kukaa hapo. Mtoto hukataa chakula, hutapika, hutembea ameinama. Mwambie aruke, akikataa au akilia, nendeni hospitali bila kumpa dawa ya kuendesha wala enema. Walio chini ya miaka mitano huwa hawafuati mpangilio huo, kwa hiyo maumivu yasiyoachia yanatosha kuwapeleka.

Nikimnywesha maji mengi zaidi si choo kitalainika tu?

Kama hana upungufu wa maji, yatatoka kwenye mkojo.