Kukatwa kabla ya kodi na kupunguziwa kodi: 5,000 mbili zisizofanana

Swali: "Mhasibu, mimi nimeajiriwa kampuni ya kibinafsi hapa Nairobi, mshahara wangu ni 100,000 kabla ya makato. Ejenti wa bima ananiambia nikichukua bima ya elimu ya mtoto ya 5,000 kwa mwezi, KRA itanirudishia yote kwa sababu nafuu ya bima ni 5,000 kwa mwezi. Mtu wa mishahara ofisini naye anasema heri hiyo 5,000 niiweke kwa pensheni, inakatwa kabla ya kodi kwa hivyo hainigharimu kitu. Nani mkweli?"

Jibu: Ndugu yangu, wote wawili wamekudanganya, ila wa ofisini amekaribia ukweli kidogo. Hili swali nalipata karibu kila wiki na kila mara ni ile 5,000 ileile ya ejenti, kwa hivyo leo nalijibu kwa hesabu ndefu ili ukikutana naye tena umwekee karatasi mezani.

Kuna mahali pawili tu ambapo sheria inaweza kukusaidia kwenye PAYE. Pa kwanza ni juu kabisa, kabla kodi haijahesabiwa: pesa fulani inatolewa kwa mshahara wako na KRA inajifanya haijaiona, halafu kodi inapigwa kwa kile kilichobaki. Hilo ndilo kato la kabla ya kodi. Pa pili ni chini kabisa, kodi ikishahesabiwa yote: hapo unapunguziwa kodi yenyewe, shilingi kwa shilingi. Hiyo ndiyo nafuu. Ile 2,400 unayoiona kwa peislipu kila mwezi imeandikwa Personal Relief ni nafuu ya aina hiyo.

Sasa tuchukue mshahara wako na viwango vya mwaka 2025. Kwa 100,000, NSSF inachukua 4,320, SHIF 2,750, na ushuru wa nyumba 1,500. Zote tatu zinatoka kabla ya kodi, jumla 8,570, kwa hivyo KRA inatoza kodi 91,430 tu. Shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, hiyo ni 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata zinatozwa asilimia 25, hiyo ni 2,083.25. Zilizobaki 59,097 zinatozwa asilimia 30, hiyo ni 17,729.10. Jumla 22,212.35, toa nafuu yako ya 2,400, unalipa PAYE ya 19,812.35. Shika hiyo namba.

Twende kwa pensheni kwanza. Ukiongeza 5,000 kwa mfuko uliosajiliwa, inatoka juu, kwa hivyo pesa inayotozwa kodi inashuka kutoka 91,430 hadi 86,430. Ile 5,000 ilikuwa imekaa kwenye ngazi ya asilimia 30, basi kodi inayopungua ni asilimia 30 ya 5,000, yaani 1,500. PAYE yako inakuwa 18,312.35. Umeweka 5,000 na mfukoni mwako zimetoka 3,500. Ni mpango mzuri, sibishi, lakini "hainigharimu kitu" imetoka wapi? 3,500 ni pesa yako, na ikishaingia pensheni haitoki ovyo ovyo ukikwama karo ya mtoto. Nafasi unayo, kwa sababu sheria inaruhusu hadi 30,000 kwa mwezi ukijumlisha na NSSF, mradi isipite asilimia 30 ya mshahara wako unaohesabiwa kwa pensheni, na wewe utakuwa umefika 9,320 tu.

Na bima? Bima haiguswi juu. Kodi inahesabiwa vilevile 22,212.35, halafu chini unapewa nafuu ya asilimia 15 ya ada uliyolipa. Asilimia 15 ya 5,000 ni 750. Basi. PAYE yako inakuwa 19,062.35 na mfuko wako umepungukiwa na 4,250.

Sasa hiyo 5,000 ya ejenti imetoka wapi? Imetoka kwa sheria kweli, na hapa ndipo huwa nakasirika kwa sababu mtu anachukua namba ya kweli anaitumia kusema uongo. Sheria inasema nafuu ya bima haiwezi kupita 5,000 kwa mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Hicho ni kikomo cha juu. Ili upate nafuu ya 5,000 inabidi ulipe ada ya bima ya kama 33,334 kila mwezi, theluthi moja ya mshahara wako! Ejenti anajua hivyo, au kama hajui basi hafai kukuuzia kitu cha miaka kumi.

Kwa hivyo wewe hapo, 5,000 ileile, pensheni inakupunguzia 1,500 na bima inakupunguzia 750. Lakini usitoke hapa ukaenda kuwaambia wenzako kwamba kato la kabla ya kodi linashinda nafuu siku zote, maana hilo nalo ni kosa ninalolisikia sana. Inategemea umekaa ngazi gani ya kodi, na nafuu yenyewe ni ya asilimia ngapi. Bosi wako ambaye pesa yake inayotozwa kodi imepita 800,000 yuko kwenye asilimia 35, yeye 5,000 ya pensheni inampunguzia 1,750, na bima ya 5,000 bado inampunguzia 750 ileile. Kato humfaidi zaidi mwenye mshahara mkubwa, nafuu inamfaidi sawa kila mtu mwenye kodi ya kutosha kupunguziwa. Ukitaka kuona nguvu ya nafuu kamili, angalia 2,400 yako ya kila mwezi: ili upate faida kama hiyo kwa njia ya kato, kwa ngazi yako ya asilimia 30, ungehitaji kukatwa 8,000.

Halafu kuna mlinzi wa getini hapo kwenu anayelipwa 25,000. NSSF 1,500, SHIF 687.50, ushuru wa nyumba 375, inabaki 22,437.50 ya kutozwa. Asilimia 10 yake ni 2,243.75, na nafuu yake ni 2,400, kwa hivyo analipa kodi sifuri. Ile 156.25 inayozidi halipwi mkononi, inapotea, kwa sababu nafuu zetu hapa Kenya zinaweza kuteremsha kodi hadi sifuri lakini haziendi chini ya hapo. Huyo akiuziwa bima kwa maneno ya "KRA itakurudishia" ameibiwa mchana, kwa sababu hana kodi yoyote ya kupunguziwa. Pensheni vilevile, kwake haipunguzi kodi hata shilingi. Na watu wa mshahara mdogo ndio ambao mafundi wa maneno huwafuata zaidi, kwa sababu hawana wa kuwapigia hesabu.

Kitu kingine kinachowachanganya watu ni neno lenyewe, makato. Kwenye peislipu kila kitu kinaitwa makato, mkopo wa sako, hisa za sako, mchango wa chama, mpaka deni la kantini. Mtu ananiletea peislipu ananiambia nakatwa 30,000 kila mwezi mbona kodi yangu haipungui? Kwa sababu mkopo wa sako unalipwa na pesa ambayo imeshatozwa kodi. Kukatwa kwa peislipu hakumaanishi kukatwa kabla ya kodi. Yanayotoka juu ni machache yaliyotajwa na sheria: hizo tatu za lazima, pensheni iliyosajiliwa, riba ya mkopo wa nyumba unayoishi hadi 30,000 kwa mwezi, na mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu hadi 15,000 kwa mwezi. Ukiamua kuongeza pensheni, mwezi unaofuata fungua peislipu uangalie PAYE. Kama haijashuka 1,500 kamili, ujue wameiweka pamoja na makato ya kawaida ya chini, rudi ofisini siku hiyohiyo.

Na kama unafikiri tofauti ya juu na chini ni maneno ya wahasibu tu, angalia ushuru wa nyumba ulivyobadilika. Mwaka 2024 ulikuwa unapewa nafuu ya asilimia 15, kwa hivyo 1,500 yako ilikuwa inakupunguzia kodi 225. Sheria ilibadilishwa kuanzia 27 Desemba 2024, nafuu ikaondolewa na ushuru ukahamishiwa juu, kabla ya kodi. 1,500 ileile sasa inakupunguzia 450. Wengi waliona nafuu imetoweka kwa peislipu wakalalamika kwamba wameporwa, na kumbe kwa mtu wa asilimia 30 ilikuwa ni ongezeko maradufu.

Turudi kwa bima, kwa sababu bado nafikiri unaitaka. Bima ya elimu ni bima, haina ubaya ukiinunua kwa sababu ukifariki mtoto asome. Lakini ukiinunua kwa sababu ya kodi lazima ujue masharti ambayo ejenti huwa anayaruka. Ili ipate nafuu, bima ya elimu lazima iwe ya kuiva baada ya miaka isiyopungua 10. Na ukiivunja kabla haijaiva, nafuu yote uliyopata inarudi KRA, kampuni inaikata kwa kile kidogo inachokulipa. Kuna mama alinijia, alikuwa akilipa 5,000 kwa miaka minne, biashara ya mume ikayumba akaivunja. Alikuwa ameweka 240,000. Thamani ya kuvunja ilikuwa chini sana ya hapo, na juu ya hilo ikakatwa 36,000, nafuu ya miaka minne, 750 mara miezi 48. Alilia ofisini kwangu. Hakuna aliyemwambia siku ya kutia sahihi.

Wale wa mwisho ni vijana wa saiba wanaojaza ritani mwezi wa sita. Anakwambia lete P9 na elfu moja nitakutolea rifandi, halafu kwenye iTax anajaza ada za bima ambayo hujawahi kuwa nayo, mfumo unapiga asilimia 15, rifandi inatokea kwa skrini na wewe unafurahi. Ile ritani iko kwa PIN yako, si yake. KRA wakiomba cheti cha kampuni ya bima na huna, nafuu inafutwa, unadaiwa ile kodi na adhabu na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi tangu ilipopaswa kulipwa, na kijana hata simu hashiki. Nimekaa na watu watatu mwaka huu wenye barua za namna hiyo na hakuna hata mmoja aliyejua kilichoandikwa kwa ritani yake mwenyewe.